Salamu Yangu kwa Msimamizi wa Mtihani

Mimi niliishia darasa la nne, shule ya kule kwetu Butiama. Leo pale sokoni Mwigobero, hapa Musoma, ukiuliza nani anapakia dagaa nyingi kwenda mikoani, watakuonyesha stoo yangu kabla hujamaliza swali. Nyumba yangu ya Nyakato ndiyo ya kwanza mtaani kuvutiwa intaneti ya waya. Nasema hivi kwa sababu hiyo intaneti ndiyo iliyoniletea haya ninayoyaandika.

Binti yangu wa kwanza ni nesi, alikuwa anafanya kazi Bunda. Akapata nafasi ya hospitali moja ya ng'ambo, ila walitaka kwanza cheti cha mtihani wa Kiingereza. Mtihani wenyewe unafanyika kwenye kompyuta, popote ulipo, na mtu wa mbali anakusimamia kupitia kamera. Kwake Bunda mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nikamwambia, njoo kwa baba yako, huku hakuna kukatika. Nilijigamba sana siku ile.

Akaja Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi akaingia chumba cha wageni, akaondoa kila kitu mezani, hata kalenda ya ukutani aliitoa. Alinieleza kwamba ataizungusha kompyuta msimamizi aone chumba chote, na tangu hapo hatakiwi mtu mwingine kuingia mpaka mwisho. Simu marufuku, karatasi marufuku. Nikasema nimeelewa.

Kweli nilielewa. Lakini nikiwa sebuleni nikasikia sauti ya mwanamke inatoka kule chumbani, inaongea Kiingereza taratibu, inamuuliza binti yangu jina na kitambulisho. Mgeni yuko nyumbani kwangu, anaonyeshwa mpaka uvungu wa kitanda, na mwenye nyumba nimekaa hapa hata kumsalimia sijamsalimia. Kwetu hiyo haijawahi kutokea. Nikajikaza. Nikasema nitasubiri amalize.

Kukawa kimya muda mrefu. Halafu nikamsikia binti anasema, "Hello? Hello?" mara mbili tatu, kisha kimya tena. Mimi nikajua yameisha, wanaagana. Nikavaa koti, nikafungua mlango, nikainama mbele ya ile kamera, nikasema kwa Kiingereza changu cha sokoni, "Good morning, madam. Welcome to Musoma."

 Kioo cha kompyuta kikabadilika rangi, yakatokea maandishi, mtihani ukafungwa.

Kumbe haukuwa umeisha. Kwenye sehemu ya kusikiliza, sauti ilikatika katikati na kile kiduara cha kusubiri kikawa kinazunguka bila kukoma. Mtandao ulikuwepo, maana msimamizi alikuwa bado anamwandikia ujumbe asubiri kidogo, wanaangalia tatizo. Tatizo lilikuwa kwao. Ndipo nikaingia mimi.

Mke wangu aliposikia alikaa chini kwanza. "Ulikosea kitu kimoja," akasema. "Ungempelekea na chai."

Binti hakunilaumu, na hiyo ndiyo ilinichoma. Mchana ule alikaa mezani akaandika imeili kwa wenye mtihani. Nilimwomba anisomee kwa Kiswahili. Ilikuwa fupi, imenyooka: namba yake ya usajili, tarehe, sauti ilikatika saa nne na dakika kumi na saba kwa saa za Tanzania, aina ya kompyuta, na namba ya kosa iliyotokea kwenye kioo. Hiyo namba aliishika kichwani, kama anavyoshikaga presha za wagonjwa, maana hakuwa na karatasi wala simu. Mwishoni akaomba aruhusiwe kurudia bila malipo.

Mimi sikuwemo. Nikamuuliza mbona sikusikia habari zangu. Akasema, "Baba, siwezi kuandika kwa watu nisiowajua kwamba baba yangu ndiye aliyevunja sheria." Nikasema vizuri. Nakiri hapa, nilifurahi.

Palepale ikaja barua ya kompyuta yenye namba ya shauri lake. Jibu la mtu lilikuja Jumatano, yeye amesharudi Bunda. Akanipigia akanisomea. Wamepitia kikao chake, wamekuta mtu wa pili ameingia chumbani, hivyo kikao kilifungwa kwa ukiukaji wa masharti. Hakuna kurudia bure. Tena tukio limeandikwa kwenye faili lake.

Nikamwambia asihangaike, nitalipia mtihani mwingine, mia kwa mia, hata leo. 

"Hela si shida, baba. Nikilipa upya, lile neno linabaki. Hospitali wakiuliza, mimi ni mtu aliyeingiza mtu kwenye mtihani."

Nesi aliyeandikwa hivyo, nani atamwachia kabati la dawa? Na hospitali walikuwa wanasubiri majibu mwisho wa mwezi.

Kesho yake stoo nilimwachia mke wangu, nikaenda Bunda. Nilimkuta ametoka zamu, bado na viatu vyeupe. Nikakaa, nikamwambia afungue kompyuta.

"Niandike," nikasema.

"Nikuandike nini, baba?"

"Yote. Niliingia saa ngapi, nilisema nini, na kwa nini. Wao wana picha yangu, mama. Wewe ukinificha wanaona tunaficha."

Akaandika huku akinisomea kila sentensi. Kwamba mtu wa pili ni baba yake mzazi, ambaye alidhani mtihani umekwisha kwa kusikia sauti zimekoma. Kwamba aliingia saa nne na dakika ishirini na tatu, dakika sita baada ya sauti kukatika. Kwamba ujumbe wake kwa msimamizi kueleza hitilafu uko kwenye kumbukumbu zao wenyewe, na wauangalie saa zake kabla ya kuangalia saa aliyoingia baba. Kwamba alipaswa kusema haya kwenye barua ya kwanza, na anaomba radhi kwa kuyaacha.

Nikataka tuongeze kwamba mimi ni mfanyabiashara ninayejulikana na intaneti yangu ni ya waya. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Habari ya waya aliibakiza, ya mfanyabiashara akaifuta. Ila alikubali sentensi yangu moja: kwamba katika desturi yetu mwenye nyumba hamwachi mgeni bila kumsalimia, na kosa ni langu, si la mtahiniwa. Tukaituma kwa namba ileile ya shauri.

Siku sita. Dagaa nilipakia, lakini simu ilikuwa mkononi. Jumatano alipiga. Wamelinganisha saa, wamekuta hitilafu ya mfumo wao ilitangulia. Wamempa namba ya siri ya kurudia bila malipo, na neno la ukiukaji limefutwa. Mstari wa mwisho wa barua uliomba kwa heshima kwamba safari hii mtahiniwa awe peke yake.

Jumamosi iliyofuata alirudi Nyakato, chumba kilekile, meza ileile. Mimi nilidamka nikapanda boti kwenda kisiwa cha Rukuba, nikasema nina mzigo wa kuangalia. Mzigo sikuwa nao. Nilikaa kwenye kambi ya wavuvi mpaka mchana, nikiwaambia binti yangu yuko kwenye mtihani unaosimamiwa kutoka ng'ambo, na wao wakaniuliza mbona basi niko huku.

Jioni nilimkuta anakunja nguo zake. Sauti haikukatika hata mara moja. Majibu yalitoka siku chache baadaye, akavuka alama walizotaka, kabla ya mwezi kwisha.

Lakini jioni ile, kabla hatujajua, nilimuuliza kitu kimoja tu: msimamizi alikuwa nani safari hii.

"Mwanaume," akasema. "Na nilimsalimia, baba, kabla hatujaanza. Nikamwambia mwenye nyumba amesafiri."