Matone Arobaini

Wanafunzi wa uuguzi walimwita Bi Nukta, na mwenyewe alijua. Alikuwa akiwafundisha hesabu za dawa, na mtu akisahau nukta kwenye jibu lake, Bi Nukta hamwachi apumue. Nyumbani kwake ni mtu wa mzaha tu, ila darasani alikuwa moto wa kuotea mbali.

Siku hiyo mkuu wa idara alimwita ofisini, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Lilikuwa jaribio la mtandaoni, la saa nzima, vitabu na daftari ruksa. Wanafunzi sita walikuwa wameshatuma majibu kabla wenzao hawajafika katikati. Tena majibu yao yalifanana yote, hata lile walilokosa. Swali liliuliza dripu ya lita moja iishe kwa saa nane, kwa mpira wa dripu unaotoa matone ishirini kwa kila mililita: matone mangapi kwa dakika? Jibu ni arobaini na mbili. Wote sita waliandika arobaini.

"Hawa wamepeana," mkuu alisema. "Wape sifuri tumalize. Na huyu Mama Pacha, mmoja wao, anarudia mwaka. Akipata sifuri anaondoka chuoni."

Mama Pacha alikuwa na watoto wawili wachanga, na usingizi wake ulikuwa wa kuibiaibia.

"Mkuu, kasi si ushahidi," alisema. "Maswali yenyewe ni ya mwaka jana, mimi mwenyewe niliyarudia kwa uvivu, na karatasi ile iko maktaba. Mtu aliyeifanyia mazoezi atachelewa kwa lipi? Niache niwaulize kwanza. Nitawaita sita hao, na wengine waliochukua muda mrefu, ili atakayeonekana mlangoni asinyooshewe kidole. Wote swali moja, kitabu wazi kama kwenye jaribio, na wewe ukae usikilize."

"Wa muda mrefu kama nani?"

"Kama Profesa. Yule alitumia karibu saa nzima. Anafikiri yule, nampenda bure."

Profesa alikuwa kijana mpole wa mstari wa mbele, aliyeitikia kila kitu kwa kichwa. Bi Nukta alijiwekea huyo mwishoni ili amalize siku kwa raha.

Mama Pacha aliingia akiwa ameshikilia mkoba kifuani. Bi Nukta akamwambia waziwazi kwamba hajashtakiwa, wanataka tu kuona anavyopiga hesabu. Akampa dripu ile ile, ila ya saa sita.

Mama Pacha akaandika bila kuangalia kitabu. Lita moja kwa saa sita, mililita mia moja sitini na saba kwa saa. Gawa kwa dakika, akapata mbili nukta saba na kitu, akaandika tatu. Mara ishirini.

"Sitini, mwalimu."

Jibu ni hamsini na sita. Bi Nukta aliona raha moyoni, jambo ambalo jibu la makosa halijawahi kumfanyia.

"Nani kakufundisha kukadiria desimali katikati ya hesabu?"

"Tunajisomea pamoja maktaba, sita hivi. Mimi ndiye ninayewaelekeza." Akaitazama karatasi yake. "Kwani nimekosea?"

Watano waliofuata nao, mmoja mmoja, walipata sitini kwa njia ile ile. Mkuu aliacha kuandika. Hawakuibiana majibu. Waliambukizana kosa, wiki nzima kabla ya jaribio.

Waliochelewa nao wakapita, wengine wakapata, wengine wakakosa, kila mtu na njia yake. Mwisho akaja Profesa. Kwenye jaribio naye alikuwa ameandika arobaini. Sasa akafungua kitabu, akafunua kurasa, akarudi nyuma. Hakujua aanzie wapi.

"Chukua muda, mwanangu," Bi Nukta alimwambia. "Ile arobaini uliipataje?"

Kijana akaweka kalamu chini.

"Bwenini, mwalimu. Mwenzangu mmoja wa kundi la maktaba alimaliza mapema, akasinzia simu ikiwa wazi, majibu yake yako pale. Nikanakili. Halafu nikakaa nayo hadi muda unakaribia kwisha, nisije nikashukiwa."

Hakuna aliyemlazimisha. Mkuu alimwomba ayaandike hayo kwa maneno yake, akamweleza kwamba atasikilizwa tena na kamati kabla ya kuamuliwa lolote. Asubuhi ile ile Bi Nukta alikuwa amemtolea mfano, na iliuma.

Bi Nukta alipotoka, Mama Pacha alikuwa bado kwenye benchi.

"Mwalimu, nimefukuzwa?"

"Hujafukuzwa. Umekosa swali moja, umefaulu mengine. Nenda kawanyonyeshe watoto."

Mama Pacha alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja. Kisha akatoa karatasi na kalamu mkobani, akasogea kumpa nafasi.

"Nionyeshe kwanza nilipokosea. Wale wenzangu watano nimewafundisha mimi, na Jumatatu tunaingia wodini."