Ratili Tatu za Kila Kapu

Kalenga ya Wahehe, karibu na Iringa, ilitoa wapiganaji, hilo linajulikana. Ilitoa na Kasian, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kutoka Iringa hadi Mbeya, na asiyeamini angemwuliza Kasian mwenyewe, naye angemweleza mpaka jua lichwe. Alisoma mpaka darasa la nne tu. La tano alilikosa kwa sababu za mwalimu, si zake.

Mwaka 1956 alikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa huko Mbeya. Kila mwisho wa mwezi alimwandikia kila mwanachama taarifa ya ratili alizoleta. Miaka mitatu hapakuwa na kosa, na alikuwa akilisema hilo hata kwa watu waliomwuliza njia tu.

Basi mwisho wa Julai akaingia ofisini mama mmoja wa kituo cha Itundu, jina lake Ikupa, kapu kichwani, akamwaga mezani hati zake za mizani.

"Ndaga, Bwana Karani," alisalimu kwa Kinyakyusa. "Hizi nane zinasema mia tatu na sitini. Karatasi yako inasema mia tatu thelathini na sita. Kahawa yangu imeliwa na nani, na Wahehe?"

"Sisi hatuli kahawa, mama. Labda umejumlisha kwa vidole."

"Ninavyo kumi, vyote vizima. Jumlisha na vyako."

Alijumlisha mara tatu. Mama alikuwa sahihi. Kufika mchana watu wa Itundu walikuwa wamejaa barazani, kila mmoja na upungufu wake. Mwenyekiti, mzee Andendekisye, hakupandisha sauti.

"Mwanangu, Jumamosi kamati inakaa. Niandikie kwa nini taarifa zimekosewa, nini kilisababisha, na umerekebishaje. Ukishindwa, basi la Iringa linaondoka Jumapili."

Kasian alipanda baiskeli kwenda Itundu, akitunga njiani barua ya kumlaumu mpima mizani, Ezekia. Maneno makubwa alikuwa nayo tele.

Alipofika, alikuta Ezekia anapokea kapu, anamimina kahawa katika sanduku la bati lililokaa juu ya mizani, anasoma mshale, anamrudishia mwenyewe kapu lake.

"Sanduku hili limetoka wapi?"

"Nimelitengeneza mwenyewe kwa madebe, tangu Julai mosi. Zamani nilipima na kapu, halafu makapu yanalala bandani yakisubiri magunia. Akina mama wakagoma. Wanataka makapu yao wabebee magimbi ya sokoni. Sasa naweka sanduku, narudisha mshale kwenye sifuri, namimina. Safi kabisa."

"Na kapu?"

"Kapu halipimwi tena. Si unaona?"

Kasian aliketi juu ya gunia. Kanuni ya ofisi ilisema: kila kapu, toa ratili tatu; alizitoa kwa mazoea hata akazisahau, na wakulima hawakulalamika kwa kuwa kapu lilipimwa. Naye Julai nzima alikuwa anatoa ratili tatu za makapu ambayo hayakupanda mizani. Tena aliona uzito umeshuka, akajisifu kimoyomoyo kwamba ametambua mavuno mabaya kabla ya wakulima wenyewe.

Siku mbili alihesabu. Itundu ilileta makapu mia nne na kumi na mawili, kwa hiyo zilikatwa ratili 1,236. Hati za Ezekia zilijumlika 18,540. Kahawa ya Itundu ghalani ilipimwa upya, ikatoka 18,531. Zile tisa ni za kukauka na kumwagika. Hakuna aliyeiba hata punje.

Ile barua ya maneno makubwa aliichana. Jumamosi mwenyekiti alisoma nyingine mbele ya kamati:

"Taarifa za Itundu za Julai zilipungua kwa sababu kituo kilianza kupima bila kapu, nami niliendelea kutoa uzito wa kapu. Mpima hakuniarifu. Mimi niliona uzito umeshuka, sikuuliza. Taarifa zote za Itundu nimeziandika upya. Vituo vingine nimevikagua, bado vinapima na kapu, taarifa zao ni sahihi. Tangu sasa kila hati itaandikwa 'na kapu' au 'bila kapu', na isiyoandikwa itarudishwa kituoni."

Mzee aliikunja barua taratibu.

"Hii 'sikuuliza' nani alikulazimisha kuiandika?"

"Hakuna, mzee. Bila hiyo hesabu haifungi."

"Basi la Jumapili liende bila wewe. Na Ezekia atengeneze masanduku ya vituo vyote."

Nje, Ikupa alipokea taarifa mpya, mia tatu na sitini, lakini hakuondoka. Akataka kapu lake tupu lipimwe, ajue kama hizo tatu ni kweli. Likawekwa kwenye mizani ya ghala. Mshale ukatulia kwenye tatu barabara, na baraza zima likacheka.

"Unaona, mama? Ofisi yangu haijawahi kukosea," alisema Kasian.

"Kweli kabisa," alijibu Ikupa, akijitwika kapu. "Julai ndiyo iliyokosea."