Vifundo vya Perez Awiti

Mnanisumbua bure. Shule niliacha darasa la tatu, na herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Lakini akina mama wa kanisa wameng'ang'ana, eti mambo ya Perez unayajua wewe, yaandike wewe. Haya. Naandika mara moja tu, na asije mtu hapa kunisahihisha.

Perez Awiti wa Kaloleni ni mshonaji wa ngozi soko la Kariokor. Wana kibanda kimoja na mzee Shiundu: Shiundu anakata, Perez anashona. Mikoba, mishipi, sandali za ngozi. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye kile kigoda chake, na kazi nyingine hajui wala hataki kujua.

Basi Jumanne moja sindano ilimteleza ikamgusa nyuma ya mkono. Ikamgusa tu, jamani. Ngozi ikafunguka kama karatasi iliyolowa, damu ikamwagika kwenye mkoba wa mteja.

"Dada Perez," akasema Shiundu, "leo tunashona ama tunachinja?"

"Nyamaza, mzee. Sindano haipasui hivi. Kisu chako kimenichubua."

"Kisu changu kiko huku kwangu."

Kweli kilikuwa huko kwake. Perez akafunga kitambaa akaendelea, lakini moyoni hakuelewa. Hicho kilikuwa kidonda cha tatu mwezi huo, na viwili vya kwanza vilikuwa bado vimekaa wazi, havifungi. Zamani angedungwa asubuhi na jioni asikumbuke ni wapi. Sasa hata kamba ya mkoba ikimsugua inaacha alama ya zambarau. Kama mikono imeanza kukataa kazi, atakula nini?

Na vile vifundo vya vidole! Mkono mzima ulikuwa umekuwa mwekundu kama papai, lakini juu ya vifundo kumekaa weusi wa ajabu, wenye kijivu ndani yake, umetapakaa kama masizi. Perez alikuwa na hakika ni rangi ya ngozi. Mshonaji gani wa Kariokor hana rangi vidoleni? Kwa hiyo akasugua. Alisugua kwa jiwe la miguu, akasugua kwa ndimu, siku moja akatia hata dawa ya kung'arisha nguo, akalia. Kila akimaliza kusugua anapaka mafuta yake ya kila siku, na kwenye vifundo anapaka mara mbili ili yashike vizuri. Kisha anakaa juani anashona. Kadiri alivyopaka, ndivyo vilivyozidi kuwa vyeusi.

Jumanne hiyo hasira zikampeleka kwa Ambaro, yule mama anayeuza rangi za ngozi upande wa pili.

"Ambaro, rangi yako imeniharibu. Umeanza kuichanganya na nini?"

Ambaro alitoa mikono yake ndani ya beseni akaifuta kwa gunia, akainyoosha. Kucha nyeusi tititi. Lakini vifundo vilikuwa rangi ile ile ya uso wake.

"Mama, mimi nakaa ndani ya hii rangi kutoka asubuhi. Nikipumzika wiki mbili inatoka yenyewe. Hiyo yako si yangu. Wewe unapaka nini?"

"Mafuta tu."

"Mafuta gani?"

"Ya mwili, Ambaro! Kwani wewe ni polisi?"

Akarudi kibandani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Kama si kisu, na si rangi, ni nini basi?

Kidonda kilipoanza kutoa usaha, akaenda zahanati moja kule Makadara. Daktari alikuwa kijana mpole, Abdifatah. Alisafisha kidonda, akaugeuza mkono, akaubonyeza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, kuna michirizi kwenye mapaja? Kwapani?"

Perez akashtuka. Ilikuwepo, mipana kama vidole, myekundu. Alikuwa amemwambia mume wake, Gordon, kwamba ni unene.

"Umejuaje?"

"Kesho niletee kila kitu unachopaka. Kila kitu, mama, hata kile unachoficha."

Kesho yake akavileta ndani ya mfuko. Tyubu ya dawa ya upele, aliyoambiwa na muuza duka kuwa inang'arisha. Na kikopo kisicho na maandishi, alichonunua soko la Muthurwa kwa mama mmoja anayechanganya mwenyewe. Miaka saba alikuwa akipaka, tangu siku ile picha ya kwaya ilipotoka na mtu akacheka, "Perez yuko wapi hapa, naona meno tu."

Daktari akainua tyubu. "Hii ni steroidi kali. Ni dawa ya ugonjwa, ya siku chache. Ukiipaka miaka, inaila ngozi mpaka inakuwa nyembamba. Ndiyo maana inachanika, haifungi, na kule kwenye mapaja imekatika ndani kwa ndani, ndiyo hiyo michirizi."

"Na vifundo? Kitu cha kufanya mtu mweupe kitamfanya mweusi namna gani? Hapo unanichanganya."

"Hiki kikopo sijui kina nini, na hata wewe hujui. Nyingi za namna hii zina haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi. Ukikaa nayo muda mrefu, tena juani, inaweza kujazana kwenye ngozi ikaacha weusi, hasa kwenye vifundo. Na wewe ulipoona weusi ukaongeza. Nyingine zina zebaki, inaharibu figo. Leo tutapima mkojo na presha."

"Nikiacha, nitarudi kama zamani?"

Daktari hakumdanganya. Ngozi itapata nguvu, lakini polepole. Michirizi itafifia, haitaisha. Vifundo vitachukua miezi, pengine miaka, pengine visirudi sawa kabisa. Kikopo aache leo. Tyubu asikate ghafla, bali ashuke kwa dawa hafifu atakayopewa, siku kwa siku, na akae kivulini. "Na uso utawaka, mama. Utakuwa mwekundu, utatoa vipele. Usidhani ni ugonjwa mpya unaotaka mafuta. Rudi kwangu."

Na uliwaka kweli. Wiki ya pili Perez alijiangalia kwenye kioo akaona nyanya iliyoiva. Kanisani mama mmoja akamwambia, "Afadhali ulivyokuwa." Akachanganyikiwa tena: mbona alipokuwa anajiharibu alipendeza, na sasa anajitibu anatisha? Jumatatu akapitia Muthurwa akanunua kikopo kingine. Akafika nacho kibandani, akakifungua, kidole kikaingia.

Shiundu alikuwa anakwangua pindo la mkoba ili likunjike. Alikwangua ngozi mpaka ikang'aa, ikawa nyepesi na laini, nzuri ya kupapasa. Akapitisha kisu mara moja zaidi. Akaivuta. Ikachanika.

"Aa! Nimezidisha," akasema Shiundu. "Ilikuwa nzuri hii."

"Itashoneka?"

"Ishonwe wapi? Hakuna kitu hapo cha kushika uzi."

Perez akatazama ile ngozi, akautazama mkono wake. Akafuta kidole kwenye gunia, akafunga kikopo, akaondoka nacho kwa miguu mpaka Makadara akakiweka juu ya meza ya Abdifatah.

"Kaa nacho," akamwambia. "Kikiwa kwangu nitapaka."

Miezi minane sasa. Vifundo bado vyeusi, usitegemee nikudanganye. Lakini juzi sindano ilimdunga, ikatoka tone moja, akalilamba akaendelea kushona.

Nimemaliza yangu. Sasa wewe unayesoma, nyoosha mikono hapo kwenye mwanga uangalie vifundo vyako. Kisha utoe kikopo chako chini ya kitanda, ukipeleke kwa daktari, na ukitoka huko upitie kwangu uniambie amesema nini. Nakungoja.