Kipimo cha Pomoni

Jina lake la kuzaliwa wateja walishalisahau. Walimwita Pomoni, kwa sababu hakuwahi kumuuzia mtu maziwa bila kujaza kopo pomoni kisha akaongeza kidogo juu. Akiona muuzaji mwenzake anaminya kipimo, damu ilimchemka. Kwake yeye, kupunja ndiyo dhambi mama, nyingine zote ni watoto wake.

Sasa alikuwa ameketi wodi ya watoto, pembeni mwa kitanda cha binti yake wa pekee, na mbele ya macho yake, kwa jinsi alivyoona, mtoto alikuwa anapunjwa.

Malaria ilikuwa imemkausha damu mpaka viganja vikawa vyeupe kama karatasi. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma tatu nukta sita. Mfuko wa damu ulipoletwa ukiwa umejaa, Pomoni alishusha pumzi. Halafu nesi akabandika plasta ubavuni mwake, akachora mstari, akasema wakifika hapo watasimama. Chini ya mstari ilibaki zaidi ya nusu.

Pomoni aliuliza kwa adabu hiyo nyingine ni ya nani. Nesi, mama wa makamo asiye na haraka na mtu, alimweleza kwamba damu nzima kama ile hupimwa kwa uzito wa mtoto. Mwenye homa kama huyu, kila kilo mililita ishirini. Binti ana kilo nane, kwa hiyo mia na sitini, na ziingie kwa saa nne, matone kumi na matatu hivi kwa dakika.

"Moyo wake umechoka, baba," alisema. "Ukimmwagia kwa mpigo, moyo utashindwa kusukuma, na maji yatamjaa mapafuni. Hicho kigurudumu cha mrija msikiguse."

Robo saa ya kwanza nesi alishusha matone polepole zaidi na kukaa hapo hapo akimtazama mtoto, ndipo akayapandisha kidogo. Pomoni aliitikia kila neno, ila moyoni hakukubali hata moja. Tone, kimya. Tone, kimya. Mtu anakufa kwa kukosa damu, damu iko juu ya kichwa chake, na wanamdondoshea kama wanaomwagilia mche!

Mkewe alikuwa amekwenda kuchota maji. Kwenye kitanda cha mwisho mtoto mmoja alianza kupigwa na degedege, nesi akakimbilia huko. Pomoni akatazama kulia, akatazama kushoto, akasukuma kigurudumu juu. Damu ikashuka kwa mstari, na yeye akajisikia baba kamili. Nesi alipomaliza kule na kugeuka, kigurudumu kilikuwa kimesharudi chini.

Furaha yake haikudumu. Mtoto alianza kukohoa. Pua zikatanuka, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nesi alifunga damu papo hapo, akamwinua mtoto akae, akamwekea oksijeni na kumwita daktari. Daktari alipapasa ini, akasikiliza mapafu, kisha akasema kwa wasiwasi kwamba huenda damu imemkataa. Mfuko urudishwe maabara, wapime upya, na mtoto asipewe nyingine mpaka majibu yatoke.

Mke alikuwa amesharudi, ndoo bado mkononi. Pomoni aliona aibu. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini watatafuta kosa kwenye damu, na kosa liko kwenye mkono wake.

"Damu haina kosa," alisema. "Niliifungulia mimi."

Daktari hakumgombeza. Aliuliza zimeingia mililita ngapi. Pomoni, aliyepima maziwa maisha yake yote, aliutazama mfuko mara moja tu. "Tisini hivi. Nyingi zimeingia sasa hivi." Nesi akautazama na yeye, akaafiki. Mfuko ulipelekwa kukaguliwa vile vile, maana kuhakikisha ni lazima, lakini dawa ya kutoa maji iliingia kwenye mshipa bila kungoja. Mtoto akakojoa, akakojoa tena, na kufikia jioni mbavu zilikuwa zimetulia. Maabara hawakuona tatizo lolote kwenye damu.

Kesho yake kipimo kilikuwa kimepanda mpaka tano na ushee. Daktari alisema hatamwongezea, watamwangalia tu kwa karibu. Binti alifumbua macho akaomba maziwa. Pomoni alilia bila kujificha.

Mkewe hakuwa amemsemesha tangu jana. Alimnywesha mtoto, akamlaza, akachukua khanga na sabuni aende kuoga. Kila siku alikuwa akiondoka hivyo hivyo, na Pomoni akibaki na mtoto. Safari hii alipita mbele ya mumewe, akainama kwa mama wa kitanda cha jirani, mtu waliyefahamiana juzi tu.

"Dada, niangalizie mtoto," alisema. "Sichelewi."

Pomoni alikuwa ameketi pale pale, hatua moja kutoka kitandani. Yule mama jirani alimtazama kwa haya, kisha akasogeza kiti chake karibu na mtoto.