Shikamoo Ndani ya Kiputo

Chini ya katuni ya watoto katika gazeti la Jumamosi pameandikwa: Tafsiri, Stamili Mwinchande. Huyo ni binti yangu. Jina la pili ni la marehemu mume wangu, aliyefundisha Kiswahili Tanga mpaka alipostaafu, na sipendi lichezewe.

Siku ya ukurasa wake wa majaribio nilikuwepo. Stamili alisahau miwani nyumbani, nikampelekea ofisini, Dar es Salaam. Ukurasa usipopendeza, kazi angepewa mtu mwingine.

Vichwa vyote viliinamia picha moja. Mtoto anaingia mlangoni ametota, maji yanamchuruzika, bibi yake amekaa kitini. Kwa Kiingereza mtoto anamwita bibi na kusema mvua kubwa inanyesha. Kiputo chake, kile kiduara cha maneno yake, kilichorwa chembamba kwa maneno mafupi ya Wazungu. Mstari mmoja haupokei zaidi ya herufi tisa. Maneno yetu ni machache lakini marefu. Na kiputo hakipanuliwi, kitamfunika mtoto uso.

Sudi, mpangaji wa maandishi, alikuwa amepunguza herufi ili maneno yote ya Stamili yaingie, shikamoo pamoja na mvua.

"Sudi, hawa ni sisimizi," akasema mhariri, Bwana Mgonja. "Nani atawasoma?"

"Si mlitaka yote, bosi?"

"Basi toa shikamoo. Weka 'Bibi, mvua!' Tumemaliza."

Stamili akavaa miwani. "Siwezi, kaka."

"Dada, ni katuni. Mtoto wa kwenye karatasi hana adabu wala utovu wa adabu."

"Mtoto wa kwenye karatasi anasomwa na wa kwenye mkeka. Kwenu Upare ungeingia kwa bibi yako ukamtangazia hali ya hewa?"

Sudi akacheka. Mgonja akanigeukia. "Mama Stamili, msaidie binti yako, kazi inamponyoka."

"Mimi nimeleta miwani tu, baba," nikamjibu. Ila nilijua anavyoihitaji kazi ile.

Stamili aliitazama picha kwa muda. Kisha akaweka kidole juu ya mtoto. "Mvua mbona tunaiona? Ametota mpaka kope. Ya nini kuisema tena?" Akafuta yote, akaandika mistari miwili: SHIKAMOO, na chini yake BIBI! Kwenye kiputo cha bibi, palipokuwa na kelele za "umelowa, umelowa", akaweka MARAHABA. Chini yake, KABADILI, kisha NGUO.

Sudi akazirudisha herufi kwenye ukubwa wake. Zikakaa, na nafasi nyeupe ikabaki pembeni.

Mgonja aliisoma kwa sauti, kwanza kama mtoto, halafu kama bibi.

"Bibi yangu angenichapa kwanza," akasema, "ndipo nibadili nguo." Kisha akamwambia Sudi, "Chini weka jina la mtafsiri. Kwa ukamilifu, usilikate."

Sudi akauliza linaandikwaje. Nikamtajia mimi, herufi kwa herufi.