Fumbo la "Usiondoke" Kambini Embu

Majina siandiki, lakini watu wa Kanja wanamjua yule karani, na afisa mzungu alikuwa mmoja tu katika kambi yetu ya kizuizini. Hao wawili ndio waliomharibia mwalimu wetu.

Mwalimu alikuwa wa Nkubu. Wakati huo wa Hali ya Hatari alikuwa amekwisha kuambiwa ataachiliwa wiki hiyo, na mkewe alishapata habari. Sisi wafungwa wenzake wa darasa la pili alitufundisha kusoma kwa mafumbo ya maneno, yale ya kujaza viboksi. Alijifunza kwenye magazeti ya Kiingereza ambayo afisa alijaza mafumbo yake na kuyatupa, kisha akaanza kutunga ya Kiswahili.

Karani aliokota moja akalipeleka ofisini. Nilikuwa napiga deki barazani.

"Afande, hii ni amri ya siri. Ona: 'Usiondoke, kipande cha moto.' Watachoma kambi!"

Mwalimu akaitwa. Akasema, "Bwana, jibu ni *kaa*. Kaa, usiondoke. Kaa la moto. Maana mbili zimekaa bega kwa bega, jibu moja."

"Na hii? 'Ya kuandikia, tukisikia ni sherehe.' Nani nasikia?"

"Hiyo ni ya sikio, bwana. *Kalamu* na *karamu*."

"Hapana! Pwani watu nasema tofauti."

"Hapa ni Embu, bwana. Mwambie karani aseme yote mawili."

Karani akasema. Yakatoka sauti moja, bila tofauti ya l na r. Afisa akacheka mpaka akashika meza.

"Sasa wewe najuaje hii ya moto si ya sikio?"

Mwalimu akaweka kidole kwenye karatasi. "Toa maana ya kwanza, toa ya pili. Hakuna neno lililobaki. Kwenye ya kalamu linabaki 'tukisikia', nalo ndilo linalokutuma kwenye sikio. Na unaandika ile iliyoelezwa bila sikio: *kalamu*."

"Ndiyo. Kweli kabisa," afisa akasema. Akachukua kalamu yake, akajaza viboksi vya majibu yote mawili bila kuuliza tena. Akasoma fumbo lililofuata: "Mnyama, juu ya nyumba."

"*Paa*," akajijibu. "Hakuna sikio!" Alifurahi kama mtoto.

Nikajua mwalimu amepona.

Karani akainama. "Afande, ripoti nimeshaituma kwa mkubwa. Ukiifuta, atauliza nani alikosa."

Afisa akatia sahihi amri ya uhamisho. Mwalimu akahamishwa kambi ya mbali, kule kaskazini kwenye joto. Mkewe alikuja siku ile ya kuachiliwa, amebeba ndizi, akarudi nazo. Mwalimu alifia huko.

Watu huniambia wazungu wale hawakutuelewa. Wengine, labda. Huyu alielewa. Lori lilipoondoka na mwalimu, alikuwa barazani akitafuta jibu la mwisho kwenye karatasi ile ile, na aliponiona nimesimama akaniuliza kama mimi ninalijua.