Fedha ya Mkono

Miaka ile malori ya mahindi ya wakimbizi yalipita Kigoma mchana kutwa yakielekea kambini, na mimi nilikuwa ofisa wa kodi, mgeni kutoka Tanga, mwenye hasira za karibu. Watu wa ofisini walinijua hivyo, wala sikuona haja ya kujitetea.

Siku moja aliingia mzee fundi seremala wa Katubuka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanipa ritani yake ya kodi kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi. Wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko. Lori la mahindi lilikuwa limemgonga mbele ya karakana yake, alikokuwa akitengeneza madawati ya shule za kambini. Kesi ilichukua miaka miwili, mahakama ikampa fidia, na bima ya mwenye lori ikalipa.

Nikafungua ritani. Fidia yote, mpaka shilingi ya mwisho, alikuwa ameiandika kwenye mapato ya biashara.

Nikamwuliza kama ana hukumu. Alikuwa nayo kwenye bahasha ya kaki, na hakimu alikuwa ameandika vizuri kabisa: kiasi hiki ni faida aliyokosa karakana ilipofungwa, kiasi hiki gharama za hospitali, na hiki, kikubwa kuliko vyote, maumivu na ulemavu. Nikamweleza kwamba kwenye kodi fidia hufuata sura ya kile inachokifidia. Faida ingetozwa kodi kama angeipata kwa randa yake, basi na fidia yake inatozwa. Lakini mkono si mapato, na maumivu si biashara. Vile viasi viwili vingine, cha hospitali na cha maumivu, havitozwi. Akiiacha ritani kama ilivyo, karibu theluthi ya fedha yote itakwenda serikalini, na aliniambia mwenyewe kwamba alitaka kununua mashine ya kupasulia mbao, vijana wafanye kazi na yeye asimamie. Mashine hiyo ingepotea hapo.

Akatikisa kichwa. Akasema iachwe.

Hapo nilikasirika. Nilimwambia kwa sauti ambayo hata mlinzi wa mlangoni aliisikia kwamba ofisi hii watu huja kuficha mapato, yeye anakuja kuyazidisha. Tena mwezi huo lengo la makusanyo lilikuwa limetukaba, ningeweza kugonga mhuri nikapongezwa. Aliningoja nimalize. Asante Mungu alikuwa mpole kuliko mimi.

"Mama," akasema, "nina watoto sita. Hii fedha ndiyo tunayokula. Nikikubali kuandika kwamba ni ya mkono, basi wanangu wanakula mkono wangu. Ya kazi wanaweza kula."

Niliona aibu kwa ile sauti yangu, nikamwomba radhi, naye akasema yamekwisha. Baadaye Waha wengine, watu wa kabila lake, niliowauliza walinicheka, wakasema huyo mzee ana mambo yake. Lakini mimi nilimwelewa, na ilinisumbua siku nzima.

Nikamwomba arudi kesho yake. Aliporudi, nilikuwa nimechukua karatasi tupu nikapiga mstari katikati. Nikamwambia, "Mzee, hakimu ameshakutenganishia. Huku ni kazi. Hii kuleni, na kodi yake ulipe. Huku ni mkono. Huku sisi hatugusi hata senti, na wewe hulazimiki kuula."

Aliivuta karatasi karibu. Akauliza kama ya kazi itatosha chakula cha mwaka. Tukakadiria pamoja, tukaona ukishatoa kodi itatosha, kwa kubana. Akaomba fomu ya marekebisho. Aliijaza mwenyewe kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda na kushuka, nami sikumharakisha, jambo ambalo si kawaida yangu. Kisha akalipa kodi ya ile faida, akaikunja risiti na kuiweka kwenye mfuko wa shati.

Miezi kadhaa baadaye nilipita Katubuka nikitafuta meza. Karakana ilikuwa wazi, mashine mpya inanguruma, vijana wawili wanasukuma mbao za mninga. Mkewe alinikaribisha kwa ugali na migebuka, samaki wa ziwani, watoto wote wakaja mkekani, tukala na mzee. Nikamwuliza fedha ile imefika wapi. Akasema ya kazi ndiyo tunayokula hapa, imebaki kidogo.

"Na ile nyingine?"

Akaionyesha mashine kwa kidevu. "Mkono ule pale," akasema. "Unafanya kazi."

Akanisogezea sahani, akaniambia nile, nisiogope.